Shikamoo Bibi, Naomba Nikupokee

Mzee asiyefahamika anayehangaika na mzigo mzito husalimiwa kwanza, ndipo apokewe mzigo wake. Utaratibu huo ni wa kawaida mjini na vijijini Tanzania, na una hatua nne zinazofuatana: salamu, pole, ombi, kisha mkono. Kila hatua hufungua njia ya inayofuata. Anayeruka salamu na kuushika mzigo moja kwa moja anaweza kuwa na nia njema kabisa, lakini mwenye mzigo hana namna ya kuijua nia hiyo. Anachokiona ni mkono wa mtu asiyemjua ukiwa juu ya mali yake.

Hofu hiyo ina sababu. Penye mizigo mingi, kama standi za mabasi, bandarini na sokoni, wapo watu wa aina tatu wanaosogelea mizigo ya wengine. Wa kwanza ni mchukuzi, ambaye mwambao humwita hamali, na yeye hubeba kwa ujira. Wa pili ni mwizi. Wa tatu ni mpita njia anayetaka kusaidia bila malipo. Kwa macho tu watatu hawa hawatofautiani, maana wote huja wakiharakisha na wote hunyoosha mkono. Kinachomtambulisha wa tatu ni maneno anayoyatanguliza.

Shikamoo na marahaba

Neno la kwanza ni shikamoo. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba asili yake ni kauli ya kushika miguu, yaani mdogo hujiweka chini na kuishika miguu ya mkubwa kwa heshima. Leo hakuna anayeinama hadi miguuni kwa sababu ya neno hilo, lakini maana ya ndani imebaki: anayelitamka amejitaja kuwa mtoto, na anayetamkiwa amekubaliwa kuwa mkubwa. Wazee wakiwa wawili au zaidi, husalimiwa kwa pamoja: shikamooni.

Jibu lake ni marahaba, neno lenye asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka ni la kukaribisha. Kwa mtu anayetaka kusaidia, jibu hilo lina uzito wa pekee. Mzee akishasema marahaba, amekubali kuwa huyu aliye mbele yake ni mtoto wake kwa wakati huo. Mara nyingi huongeza mwenyewe: "Marahaba mwanangu, hujambo?" Kijana hujibu "Sijambo," na hapo watu wawili waliokuwa wageni wameshapata nafasi za kuzungumzia. Mzee asipojibu, au akijibu huku anaukumbatia mzigo wake na kuongeza mwendo, mlango haujafunguka, na mkono hubaki ulipo.

Salamu za Kiswahili huwa ndefu. Baada ya shikamoo hufuata habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za siku nyingi. Kwa mtu aliyelemewa, urefu huo hugeuka kuwa adha, kwa sababu kila jibu humtoa pumzi anayoihitaji kwa kutembea. Shikamoo moja yenye kusikika vizuri hutosha, na habari nyingine huulizwa baada ya mzigo kushuka.

Namna ya kumsogelea nayo ina kanuni zake. Aliyejitwika mzigo kichwani hawezi kugeuza shingo haraka wala kuinamisha kichwa, na mara nyingi mkono mmoja umeushikilia mzigo. Anayemsalimu kutoka nyuma humlazimisha kugeuka, na kugeuka ndiko kunakoangusha mzigo. Kwa hiyo anayesalimu humpita kidogo kwa pembeni, akasimama hatua mbili tatu mbele yake mahali anapoonekana, na kusema akiwa hapo. Hanyooshi mkono wa kusalimiana, kwa kuwa mzee hana mkono wa kuutoa. Badala yake huinama kidogo au hukunja goti, kama ilivyo desturi ya jamii nyingi za bara. Dereva wa bodaboda huzima pikipiki na kuvua helmeti ili uso wake uonekane.

Jina la kumwitia

Shikamoo peke yake haikamiliki. Hufuatwa na jina la udugu, na hapa ndipo wengi hukosea. Mwanamke mwenye umri wa nyanya mzaa baba huitwa bibi, na mwanamume wa umri huo huitwa babu. Aliye katika umri wa mzazi huitwa mama au baba. Mzee ni jina la heshima kwa mwanamume hata kama hajawa na mvi, lakini haliendi kwa mwanamke anapoitwa ana kwa ana. Katika miji ya mwambao husikika pia mjomba, shangazi na bi mkubwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, iliyotolewa mwaka 2003, inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Njiani hakuna anayeuliza mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo jina hukadiriwa kwa macho. Mwanamke wa miaka 55 akiitwa bibi na kijana wa miaka 30 anaweza kujisikia amezeeshwa, wakati bibi wa miaka 80 akiitwa mama hapungukiwi na kitu. Penye shaka, basi, mama ndilo jina lililo salama, na kwa mwanamume ni mzee.

Mipaka ya nchi hubadili mambo. Katika sehemu nyingi za Kenya ya bara, bibi humaanisha mke, na anayemwita hivyo mama mzee asiyemjua atakuwa amesema jambo jingine kabisa. Huko bibi wa umri huo huitwa nyanya au mama. Shikamoo yenyewe ina nguvu zaidi Tanzania na mwambao kuliko Kenya ya bara, ambako "Habari yako, mama" huchukuliwa kuwa ni adabu tosha.

Mzee naye huchagua jina la kurudisha, na jina hilo huonyesha kama amempokea msaidizi. Mwanangu na mjukuu wangu ni ya kawaida. Wanawake wengi wazee humwita kijana wa kiume baba, na msichana humwita mama, kwa upendo uleule wanaomwita nao mtoto wa nyumbani. Kijana aliyeitwa "baba" na bibi asiyemjua ameshapewa nafasi ya kuuliza kuhusu mzigo.

Pole, kisha kupokea

Baada ya marahaba huja pole: "Pole na mzigo, bibi." Kuna methali isemayo mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kanda ni mfuko wa kusukwa kwa ukindu au miyaa, na usufi ni nyuzi laini za mti wa msufi zinazojazwa kwenye mito na magodoro, nyepesi mno. Maana yake ni kwamba mzigo ulio kichwani kwa mwingine huonekana hauna uzito. Pole ndiyo inayoikanusha dhana hiyo. Anayesema pole ameungama kuwa ameuona uzito na hauchukulii kuwa usufi.

Pole hiyo huelekezwa kwenye mzigo au safari, kamwe si kwenye mwili wa mzee. "Pole na mzigo", "pole na jua" na "pole na kilima" zote hupokelewa vizuri. Lakini "mzigo umekushinda", "umri umekwenda, bibi, hupaswi kubeba" au "watoto wako wako wapi?" ni maneno ya kuumiza. La kwanza linamhukumu kuwa hana nguvu, la pili linamwambia amekwisha, na la tatu linagusa nyumba yake, ambayo mpita njia haijui. Huenda watoto wake wako mbali, huenda wamefariki, na huenda bibi mwenyewe hapendi kukaa bila kazi.

Kisha huja ombi, na Kiswahili kina kitenzi chake hasa: kupokea. "Naomba nikupokee mzigo" ni kauli ya nyumbani. Mama akirudi sokoni, watoto hukimbia kumpokea. Mgeni akifika, jambo la kwanza ni kupokewa alichobeba. Katika kitenzi hicho mwenye mzigo ndiye anayetoa, na kijana ndiye anayepewa. Hakuna aliyetajwa kuwa dhaifu. "Nikusaidie" nayo ni kauli nzuri na haina tatizo, ila imembeba mzee kama mtu mwenye shida, wakati nikupokee inamweka kama mkubwa anayerudi nyumbani. "Lete huo mzigo" ni amri, na hata ikisemwa kwa tabasamu haimfai aliyeamkiwa shikamoo dakika moja iliyopita.

Penye wachukuzi wa kulipwa, ombi huongezewa sentensi moja: "Sitaki malipo, bibi, tunakwenda njia moja." Bila hiyo, mzee mwenye fedha ya nauli tu atakataa kwa kuogopa bei, hata kama miguu inamtetemeka.

Kiroba kwenye kilima

Mfano wa Lushoto, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, unaonyesha namna hatua hizo zinavyokwenda. Njia nyingi za vijijini huko ni za miguu na hupanda kwa mwinamo mkali kutoka barabarani hadi kwenye nyumba za mlimani. Bibi ameshuka kwenye gari akitoka sokoni. Kichwani ana kiroba cha sembe cha kilo 25 kilichokaa juu ya ngata ya khanga iliyosokotwa, na mkononi ana kikapu chenye sukari, sabuni ya mche na chupa ya mafuta. Amepanda kidogo, kisha ameegemeza kiroba kwenye ukingo wa njia ulio sawa na kifua chake, akipumua kwa mdomo.

Ukingo huo haukuchaguliwa kwa bahati. Aliyezoea kubeba peke yake hapumziki mahali pa kuuweka mzigo chini, kwa kuwa kutoka chini hataweza kujitwika tena. Hutafuta kichuguu, jiwe au ukuta unaofika kifuani ili anapoondoka ausukume mzigo kichwani bila kuunyanyua. Mtu akionekana amepumzika namna hiyo, bado anaimudu safari yake. Akionekana ameutupa mzigo ardhini na kuuangalia, huyo anahitaji mtu wa kumtwika na huenda anamsubiri apite.

Mwanafunzi wa sekondari anapanda njia hiyohiyo. Anapomfikia, anasimama upande wa chini ambako bibi anamwona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Pole na mzigo."

"Ahsante, baba. Kilima hiki!"

"Naomba nikupokee. Ninapanda hadi juu shuleni."

"Aa, utachafuka mwanangu. Acha tu, nimeshafika."

Jibu hilo ni la kukataa, lakini halijamaliza mazungumzo. Adabu humtaka mzee asikubali papo hapo kama aliyekuwa akingoja, na sababu aliyoitoa inamhusu kijana: sare itachafuka. Hapo kijana huomba mara ya pili, akiijibu sababu ileile: "Unga unafutika, bibi. Basi nipokee hata kikapu." Bibi anatazama kilima, anatazama kikapu, kisha anasema, "Haya, chukua hiki kiroba, kikapu nitabeba mwenyewe."

Hakuna kilichopotea kwa bibi kubakiza kikapu. Mzee hupenda kubaki na kile chenye fedha, dawa au vitu vinavyovunjika, na msaidizi mwenye busara hakiombi tena. Amepewa kizito, na hicho ndicho alichokijia.

Kukataa kwa kweli

Ombi hurudiwa mara moja tu. Kukataa kwa adabu na kukataa kwa kweli hutofautishwa kwa miguu kuliko kwa mdomo. Anayesema "acha tu" huku amesimama, au ameanza kuushusha mzigo, anataka aombwe tena. Anayesema "ahsante" bila kupunguza mwendo, au anayehamishia mzigo upande wa pili mbali na aliyeomba, amemaliza. Baada ya ombi la pili kukataliwa, la tatu hugeuka kuwa usumbufu, na kwa mzee aliye peke yake penye watu wachache hugeuka kuwa tishio.

Anayekataliwa huaga kama aliyekubaliwa: "Haya bibi, safari njema," kisha huenda zake mbele, si kumfuata nyuma. Msaada mdogo bado unawezekana bila kugusa mzigo, kama kumpisha kwenye njia nyembamba, kuondoa jiwe au tawi lililo mbele yake, kumfungulia lango, au kumwomba kondakta asiondoe gari kabla hajakaa.

Jioni na usiku mzani huo hubadilika. Giza likishaingia, kijana mmoja akimwendea mwanamke mzee peke yake humtisha hata akisema shikamoo kwa unyenyekevu. Ombi hukubalika kwa urahisi zaidi likitolewa penye mwanga, mbele ya duka au nyumba, au kijana akiwa na mwenzake wa kike.

Kutua na kutwika

Kuna vitenzi viwili ambavyo kila abebaye kichwani anavijua. Kumtwika mtu ni kumwekea mzigo kichwani, na kumtua ni kumshusha. Kauli ya kumtua mama ndoo kichwani imekuwa maarufu Tanzania katika miradi ya maji, ikimaanisha kuyafikisha maji karibu na nyumba ili akina mama wasiyabebe kutoka mbali. Njiani kauli hiyo hutendwa kwa mikono miwili, na ina ufundi wake.

Anayemtua mzee husimama uso kwa uso naye, miguu imepanuliwa kidogo. Hushika mzigo kwa chini pande zote mbili na kungoja mzee aseme "haya". Mzigo ukivutwa kabla ya neno hilo, uzito huhamia upande mmoja na shingo ndiyo inayoumia. Ukishanyanyuka, mzee hurudi nyuma hatua moja na msaidizi hushusha kwa kukunja magoti, si mgongo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe, na maji hucheza ndani yake. Kwa hiyo hushushwa polepole kuliko kiroba cha uzito uleule.

Kutwika ni kinyume chake. Ngata huwekwa kwanza na mwenye kichwa mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mahali pake. Kisha wawili hunyanyua pamoja hadi kifuani, na kutoka kifuani hadi kichwani. Msaidizi haachii mpaka mzee ameushika, ameusawazisha na kusema "tayari". Mara nyingi huu ndio msaada wote unaohitajika. Bibi aliyebeba kichwani tangu utotoni anaweza kuusawazisha mzigo vizuri kuliko kijana ambaye hajawahi, na kijana huyo akijaribu kujitwika kwa kujionyesha atamwaga unga. Asiyezoea kichwa hubeba begani au mgongoni, na wakipatikana wawili hushika kiroba ncha mbili.

Yapo mambo ambayo kubeba hakuyamalizi. Mzee akiyumba, akilalamika kifua kinambana, akitoka jasho la baridi au akizungumza maneno yasiyoeleweka, mzigo si tatizo tena. Huketishwa kivulini, hubaki na mtu, na hutafutwa usafiri wa kumfikisha kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu.

Mwendo na kuagana

Aliyepokea mzigo hutembea kwa mwendo wa mzee. Kwenda mbele kwa kasi, hata kwa nia ya kuwahi kuutua, humwacha mwenye mzigo akikimbilia mali yake kwa macho. Nafasi nzuri ni ubavuni mwake, na njia ikiwa nyembamba ni hatua chache mbele, mahali anapouona mzigo. Mazungumzo huongozwa na mzee. Sasa ndipo habari za nyumbani na za shamba zilizorukwa mwanzoni huulizwa, na kwa kawaida ni hapo mzee humuuliza kijana ni mtoto wa nani.

Kijana huyo wa Lushoto anafika kwenye uzio wa migomba. Hapiti ndani bila kukaribishwa. Anauliza, "Niutue wapi, bibi?" na kuuweka anapoelekezwa, kwa kawaida barazani, mahali pakavu. Bibi anatoa sarafu kutoka kwenye pindo la khanga. Fedha hukataliwa kwa upole: "Hapana bibi, niombee dua tu." Lakini akiingia jikoni na kutoka na ndizi mbili, ndizi hupokewa kwa mikono miwili na shukrani. Fedha ingemrudisha kijana kwenye nafasi ya mchukuzi. Chakula ni cha mtoto wa nyumbani, na kukikataa ni kuukataa udugu ambao shikamoo iliuomba.

Bibi anasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie." Jibu ni "Amina, bibi," kisha kijana huaga na kushika njia ya shuleni.